Barua ya halmashauri iko mkononi: ufungue kesi ya madai au uombe mapitio ya mahakama?

Chukua mfano wa mwenye fremu sokoni. Anauza vipuri vya pikipiki. Amekuja na bahasha ya kaki, ndani mna barua mbili zenye nembo moja ya halmashauri na sahihi moja ya mkurugenzi. Ya kwanza ni ya tarehe 3 Februari, inasema leseni yake ya biashara imefutwa. Ya pili ni ya tarehe 5 Februari, inasema mkataba wake wa pango umesitishwa kwa sababu anadaiwa kodi ya miezi sita, kodi ambayo risiti zake anazo mfukoni. Anaziweka mezani na kusema, "Wakili, hawa niwashtaki tu."

Neno "kushtaki" ndilo linaloponza watu. Kwake ni ugomvi mmoja na adui mmoja. Mahakamani ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake. Akiyapitisha yote kwenye mlango mmoja, moja litagonga ukuta, na mara nyingi atajua hivyo wakati muda wa mlango wa pili umeshapita.

Ninayoandika hapa ni ya Tanzania Bara. Kenya nitaigusa baadaye, maana wao wamebadilisha mambo.

Vipimo kabla ya kuchagua

Nikikaa na mtu mwenye barua ya namna hii namuuliza mambo matano. Aliyekuandikia ametumia nguvu gani? Unataka nini mwishoni: uamuzi ufutwe, au pesa? Muda wako ukoje? Mlango wenyewe unafunguliwaje? Na je, unahitaji kitu kisimame sasa hivi, kabla kesi haijasikilizwa? Milango yote miwili nitaipima kwa maswali hayohayo, ila la kwanza ni lazima lielezwe kwanza peke yake, kwa sababu ndilo linalogawa sheria ya umma na sheria binafsi.

Watu hudhani kipimo ni nani: ukigombana na Serikali ni sheria ya umma, ukigombana na jirani ni sheria binafsi. Hapana. Halmashauri ina kofia mbili. Ikinunua madawati, ikipangisha fremu, au dereva wake akikugonga na gari la taka, imevaa kofia ya mtu wa kawaida. Wajibu wake kwako unatoka kwenye mkataba au kwenye kanuni ya kutomdhuru mwenzio, kama ambavyo ungetoka kwa mwenye nyumba yeyote. Ikitoa au kufuta leseni, ikifunga mgahawa kwa sheria ndogo ya afya, imevaa kofia ya mamlaka. Mwenye nyumba wako hawezi kukufutia leseni hata akikuchukia vipi, kwa sababu nguvu hiyo inatoka kwenye sheria tu.

Kwa hiyo jaribio langu ni rahisi: je, mtu binafsi angeweza kukufanyia jambo hili? Akiweza, fikiria madai. Asipoweza, fikiria mapitio, yaani kuiomba Mahakama Kuu ikague jinsi mamlaka ilivyotumia nguvu iliyopewa na sheria. Jaribio hili halitoshi kila mahali, na nitaonyesha linapokwama, lakini kwa barua mbili za mwenye fremu linafanya kazi barabara. Barua ya leseni ni ya kofia ya mamlaka. Barua ya pango ni ya kofia ya mwenye nyumba.

Mlango wa kwanza: kesi ya kawaida ya madai

Hapa unadai haki yako mwenyewe: mkataba wako umevunjwa, mali yako imeharibiwa, ardhi yako imechukuliwa. Jaji anasikiliza mashahidi, wanahojiwa, vielelezo vinapokelewa, halafu anaamua nani mkweli. Kama swali kubwa ni "alilipa au hakulipa?", huu ndio mlango wake. Risiti za mwenye fremu zitapokelewa hapa, na mhasibu wa halmashauri atasimama kizimbani kuulizwa mbona leja yake hazina.

Unachoweza kupata ni fidia, tamko la mahakama kuhusu haki yako, na riba na gharama. Pesa ni shughuli ya mlango huu. Lakini ujue kwamba ukiishinda Serikali huwezi kumtuma dalali akakamate gari la mkurugenzi. Mali ya Serikali haikamatwi kwa utekelezaji wa hukumu. Hati ya hukumu hupelekwa kwa ofisa mlipaji, na hapo kuna kusubiri kwake.

Muda una unafuu, lakini unafuu wenyewe una mtego. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara yana miaka 3, ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Mtego uko kwenye jedwali la Sheria ya Ukomo, mstari wa juu kabisa: kudai fidia kwa jambo lililotendwa au kuachwa kutendwa kwa madai kwamba linafuata sheria iliyoandikwa, muda wake ni mwaka 1. Ofisa aliyevunja kibanda chako akisema anatekeleza sheria ndogo anakuingiza kwenye mwaka huo mmoja. Nimeona watu wakija mwaka wa pili wametulia kabisa, wakiamini wana mitatu.

Namna ya kuufungua: kwanza notisi ya siku 90. Unaeleza unachodai na msingi wake, unaipeleka kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Zamani halmashauri zilikuwa na utaratibu wao wa notisi fupi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, halmashauri, wakala za Serikali na mashirika ya umma zote zimeingizwa kwenye chungu kimoja: siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa wa lazima, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Ukimsahau Mwanasheria Mkuu, kesi nzima ina kasoro ya kuiua. Hata deni la fremu, ambalo dhidi ya mwenye nyumba wa kawaida lingemalizwa mahakama ya chini, hapa linapanda Mahakama Kuu.

Na kusimamisha mambo? Hapa ndipo mlango huu ni dhaifu. Siku 90 za notisi huna kesi, na bila kesi hakuna pa kuombea zuio la kawaida. Mawakili hutumia maombi ya Mareva, yaani kuiomba Mahakama Kuu iamuru hali ibaki kama ilivyo mpaka notisi iishe. Jina limetoka kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1975 iliyohusu meli, na matumizi yetu yamekwenda mbali na meli hiyo. Mahakama huyakubali pale hatari ilipo ya kweli na ya karibu. Lakini Wakili wa Serikali atasimama na kusoma kifungu kinachokataza zuio dhidi ya Serikali na kuelekeza mahakama itoe tamko badala yake. Kwa hiyo usimhakikishie mtu kwamba kufuli haitafungwa.

Mlango huu unamfaa nani? Anayedai pesa au mali kwa haki yake mwenyewe, mwenye ugomvi wa ukweli unaohitaji mashahidi, na anayeweza kusubiri.

Mlango wa pili: mapitio ya mahakama

Hapa swali halihusu haki yako ya mkataba. Unaiambia Mahakama Kuu: huyu amepewa nguvu na sheria, na ameitumia vibaya. Sababu zake zimepangwa vizuri katika kesi ya Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha ya mwaka 1990, na mpaka leo kila wakili anaitaja: mamlaka ilizingatia yasiyohusika, au iliacha ya kuzingatiwa, au haikuwa na mamlaka hayo, au ilifikia uamuzi ambao hakuna mwenye akili timamu angeufikia, au haikukupa nafasi ya kusikilizwa, au ilikiuka utaratibu wa sheria.

Jaji hatazami kama ungestahili leseni. Anatazama njia iliyopitiwa kufika kwenye uamuzi. Kama mwenye fremu hakuitwa, hakuelezwa kosa, akaletewa barua tu, hiyo ni hoja nzito hata kama kosa lilikuwepo. Ushahidi ni viapo vya maandishi, si mashahidi kizimbani. Ndiyo maana ugomvi wa "nililipa, hukulipa" unakaa vibaya hapa: viapo viwili vinapingana na jaji hana wa kumhoji.

Unachopata ni amri za aina tatu: ya kufuta uamuzi, ya kuzuia mamlaka isiendelee, na ya kuilazimisha itimize wajibu wake. Mawakili watakutajia majina yake ya Kilatini. Usiogope, kazi zake ni hizo. Fidia usiitafute hapa. Halafu kuna jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Uamuzi ukifutwa kwa sababu hukusikilizwa, mamlaka inaweza kukuita, ikakusikiliza, ikafuta leseni tena, safari hii kwa utaratibu. Nakushauri umwulize wakili wako hilo kabla ya kulipa ada: tukishinda, wakirudia je?

Muda ni miezi 6, kuanzia tarehe ya tendo au uamuzi wenyewe. Usihesabu kuanzia siku barua iliyokaa masjala ilipokufikia. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu, ubaki salama. Barua ya leseni ni ya 3 Februari, basi mwisho ni mwanzoni mwa Agosti. Notisi ya siku 90 haihitajiki kwa mlango huu. Hii ndiyo tofauti ninayoirudia kuliko zote, na muda si mrefu utaona kwa nini.

Namna ya kuufungua ni hatua mbili. Kwanza kibali, yaani ruhusa ya mahakama ya kuleta maombi yenyewe. Chini ya kanuni za mwaka 2014 unapeleka maombi pamoja na nyaraka mbili: maelezo, yanayotaja wewe ni nani, unaomba amri gani na kwa sababu zipi, na kiapo, kinachothibitisha mambo yaliyotokea. Zisichanganywe. Kiapo chenye hoja za kisheria na maombi ndani yake kitapingwa, na aya hizo zitafutwa. Ambatisha nakala ya uamuzi unaoulalamikia. Maombi mengi yanaanguka kwa kukosa karatasi hiyo moja, kwa sababu jaji hawezi kufuta asichokiona. Kama umeambiwa kwa mdomo tu, andika barua ya kuomba uamuzi kwa maandishi, itunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na uieleze kwenye kiapo.

Kwenye kibali jaji haamui ugomvi. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Emma Bayo imeeleza kinachopimwa: kuna hoja ya kujadiliwa, umekuja ndani ya miezi 6, na una maslahi ya kutosha katika jambo lenyewe. Mahakama pia hutazama kama kuna njia nyingine uliyoiruka. Ukipewa kibali una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Siku 14, si wiki tatu. Watu husherehekea kibali, wanapumzika, siku ya kumi na tano wanarudi ofisini.

Kwa kusimamisha mambo, mlango huu una nguvu zaidi. Unaweza kumwomba jaji aelekeze kwamba kibali kiwe pia amri ya kusimamisha utekelezaji wa uamuzi mpaka maombi yasikilizwe. Hatoi kwa kila mtu, lakini pa kuombea pako wazi tangu wiki ya kwanza, wakati mwenzako wa kesi ya madai bado anahesabu siku za notisi.

Unamfaa nani? Aliyenyang'anywa leseni, kibali, cheo au nafasi kwa nguvu ya sheria, anayelalamikia utaratibu zaidi ya pesa, na ambaye bado yuko ndani ya muda. Unamfaa pia aliyenyamaziwa: ameomba kitu ambacho sheria inasema apewe, na ofisi haijibu. Huyo, kabla ya kuomba amri ya kulazimisha, lazima aoneshe kwamba alidai kutimiziwa na akakataliwa au akapuuzwa. Ndilo sharti mojawapo lililoorodheshwa katika kesi ya Byombalirwa ya mwaka 1986. Barua ya kudai inayopokelewa kwa mhuri ni nusu ya kesi yake.

Kwa nini lazima, si hiari

Mtu anauliza: kama mlango wa madai una miaka 6, kwa nini nisipite huko na kuomba tamko kwamba kufutwa kwa leseni ni batili?

Jibu la kihistoria liko Uingereza, tulikorithi mfumo huu. Mwaka 1976 kulitokea ghasia katika gereza la Hull. Wafungwa waliadhibiwa na bodi ya gereza kwa kupunguziwa msamaha wa kifungo, na baadhi yao wakadai hawakusikilizwa kwa haki. Badala ya kuomba mapitio, wakafungua kesi za kawaida wakitaka tamko. Katika O'Reilly dhidi ya Mackman, mwaka 1982, Lord Diplock na wenzake walizifuta kesi hizo. Walisema kwamba kwa kawaida kupinga uamuzi wa mamlaka ya umma, kwa haki inayolindwa na sheria ya umma, kwa njia ya kesi ya madai ni kuutumia vibaya mfumo wa mahakama. Kibali na muda mfupi vimewekwa ili ofisi ya umma isikae miaka ikisubiri kujua kama uamuzi wake utasimama. Ukipita dirishani, umekwepa ulinzi huo.

Waingereza wenyewe wamelegeza. Mwaka 1984, katika kesi ya halmashauri ya Wandsworth, mpangaji aliyeshtakiwa kwa nyongeza ya kodi ya pango aliyoiita batili aliruhusiwa kujitetea kwa hoja hiyohiyo, kwa sababu yeye hakuchagua mlango, aliburutwa. Mwaka 1992, katika kesi ya Roy, daktari aliyekatwa malipo yake aliruhusiwa kudai kwa kesi ya kawaida, kwa kuwa alikuwa na haki yake binafsi ya kulipwa, hata kama njiani alilazimika kuushambulia uamuzi wa umma.

Kwetu ukali unatoka kwenye kitu cha wazi zaidi: amri ya kufuta, kuzuia au kulazimisha haitolewi kwenye hati ya madai. Inatoka Mahakama Kuu kwa utaratibu wake, basi. Ukiomba kwenye madai "mahakama ifute uamuzi wa mdaiwa wa kwanza", umeomba maji kwenye duka la dawa. Na ukilibadili jina ukaliita tamko, tegemea pingamizi la awali likisema umevalisha maombi ya mapitio nguo za madai.

Sasa angalia linavyomtokea mwenye fremu akifanya "nishtaki tu". Tarehe 10 Machi anapeleka notisi moja ya mambo yote. Siku 90 zinaisha tarehe 8 Juni. Katikati ya Juni anafungua kesi: fidia ya pango, na leseni irudishwe. Julai Serikali inaleta utetezi na pingamizi la awali. Agosti inaingia, miezi 6 ya leseni inakatika kimya kimya, hakuna kengele inayolia. Septemba pingamizi linasikilizwa, sehemu ya leseni inaondolewa. Ya pango inabaki hai. Lakini ataendesha biashara gani kwenye fremu hiyo bila leseni?

Anaweza kuomba kuongezewa muda. Atatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji, na "wakili wangu alikosea mlango" ni sababu ambayo majaji wengi hawaipokei kwa mikono miwili.

Angefanyaje? Barua ya leseni: aangalie kwanza kama sheria ya leseni inampa ngazi ya rufaa, aipande, kisha kibali, akiomba na kusimamisha utekelezaji, kabla Aprili haijaisha. Barua ya pango: notisi ya siku 90 iende siku hiyohiyo, kwenye bahasha yake. Mashauri mawili sambamba. Inauma mfukoni, najua.

Pale mpaka unapofifia

Mtumishi wa umma aliyefukuzwa kazi anasema ana mkataba wa ajira, kwa hiyo ni jambo binafsi, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 kama mfanyakazi wa kiwandani. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka kwanza amalize njia za ndani, yaani rufaa Tume ya Utumishi wa Umma na kuendelea hadi kwa Rais. Akitoka huko na uamuzi usiomridhisha, kinachompeleka Mahakama Kuu mara nyingi ni mapitio. Mwenzake wa kiwandani hana haja hata ya kulisikia neno hilo.

Upande wa pili kuna vyombo ambavyo si Serikali. Wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa uanachama wa Chadema walikwenda Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, wakapewa kibali mwaka 2022, na Desemba 2023 mahakama ikafuta uamuzi wa Baraza Kuu la chama uliokataa rufaa zao, kwa sababu waliokuwa wameamua mara ya kwanza walikaa tena kwenye rufaa. Chama cha siasa si idara ya Serikali. Lakini uanachama ndio unaobeba ubunge, na kazi ya aina hiyo inagusa umma. Usilichukue hili ukalipeleka kwenye klabu ya mpira ya mtaani au kikoba. Huko katiba ya kikundi ni mkataba kati ya wanachama, na ugomvi wake ni madai.

Na kuna ushindi unaodanganya. Mtu anashinda mapitio, uamuzi unafutwa, anarudi akisema sasa nilipwe hasara ya miezi minane. Kufutwa kwa uamuzi hakukupi fidia peke yake. Bado unahitaji msingi wa madai, mkataba uliovunjwa au mali iliyoharibiwa, na ule mwaka 1 wa jedwali unaendelea kukatika wakati unasherehekea.

Kenya, kwa ufupi

Ukiwa Nairobi au Mombasa mizani ni tofauti. Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 imefanya hatua ya haki ya kiutawala kuwa haki ya msingi, ibara ya 23 imeweka amri ya mapitio pamoja na fidia kwenye orodha ya nafuu, na Sheria ya Hatua ya Haki ya Kiutawala ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kutoa hata malipo ya fedha pale inapofaa. Njia ya zamani ya Agizo la 53, yenye kibali, bado ipo. Kwa hiyo Mkenya anaweza kuunganisha uamuzi na fidia kwa namna ambayo jirani yake wa Arusha hawezi kwa urahisi. Kinachowakamata wengi huko ni sharti la kumaliza kwanza njia za rufaa zilizowekwa na sheria husika.

Sasa, kwa hali yako

Kama barua imekunyang'anya kitu ambacho ni sheria tu inayoweza kukinyang'anya, na unachotaka ni kirudi, elekea mapitio na uanze leo. Usipeleke notisi ya siku 90 ukidhani unajenga msingi. Unakula nusu ya muda wako.

Kama halmashauri haijakulipa kazi uliyoifanya kwa mkataba wa zabuni, ni deni kama deni lingine. Notisi, siku 90, Mahakama Kuu. Mapitio yatakurudisha mlangoni. Lakini kama hukupewa zabuni yenyewe na unalalamikia mchakato, sheria ya ununuzi ina njia yake ya malalamiko hadi Mamlaka ya Rufaa za Zabuni, yenye siku chache sana, anzia huko.

Kama umekadiriwa kodi usiyoikubali, milango hii miwili iache yote. Ni pingamizi kwa Kamishna, kisha Bodi ya Rufaa za Kodi.

Kama wewe ndiye uliyeshtakiwa, halmashauri inakudai ushuru unaoamini umetozwa bila mamlaka, una nafasi nzuri kuliko unavyodhani. Leta hoja ya uharamu kwenye utetezi wako na uiegemeze kwenye kesi ya Wandsworth. Haifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ni ya akili ya kawaida.

Kama una yote mawili, uamuzi mbovu na hasara, tenganisha bahasha kama nilivyosema, mapitio yatangulie kwa sababu muda wake ndio mfupi.

Na kama umesoma mpaka hapa ukagundua barua yako ina miezi mitano na siku ishirini, usianze kutafuta wakili wa bei nzuri. Hati za kibali si ndefu. Tafuta nakala ya uamuzi, kaa na wakili aliye karibu, kiapo kiandikwe kesho na kilipiwe kabla masjala haijafungwa. Ya fidia mtayajadili wiki ijayo.